Wadogo zangu wa mbio ndefu, msikilize kinena

Wadogo zangu, nimewasikia mkilalamika baada ya mazoezi, huyu halali, yule miguu haiachii, mwingine hedhi imeruka miezi mitatu afu ikarudi, na wote mnaendelea na ratiba ileile ya mlipokuwa na miaka 35. Mimi nina 61 sasa na hiyo njia nimeipita, ikanivunja nyonga, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Nilikuwa na 52. Hedhi ilikuwa imekata miezi kama minane hivi (wanahesabu umekoma kabisa ukipitisha miezi 12 bila kuona kitu), nakimbia km 80 kwa wiki, Jumanne intervali, Alhamisi tempo, Jumapili ndefu. Usiku saa nane naamka shuka limelowa jasho, nikija kupata usingizi tena ni saa kumi, saa kumi na moja niko barabarani. Afu kinena cha kulia kikaanza kuuma, mwanzoni mwisho wa mbio ndefu tu, wiki ya pili kinauma kuanzia km 5, wiki ya tatu nikipanda ngazi. Mi nikasema msuli huu, nikanyoosha, nikameza dawa ya maumivu nikaendelea. Jamani. Eksirei haikuonyesha kitu nikafurahi kabisa, kumbe ufa mchanga eksirei mara nyingi haiuoni, ni MRI ndo ilionyesha shingo ya nyonga imepata ufa. Bahati yangu ulikuwa upande wa chini, maana ule wa upande wa juu mara nyingi mtu anapigwa skrubu. Magongo wiki 7, na kukimbia nilirudi mwezi wa tano tangu nipate ule ufa.

Nilichokuwa sijui ni hiki. Mfupa kila siku unabomolewa kidogo na kujengwa, na estrojeni, homoni inayoshuka hedhi ikielekea kukoma, ndo ilikuwa inawashika breki hao wabomoaji. Ikishuka wanabomoa haraka kuliko wanaojenga, na miaka inayopotea mfupa kwa kasi zaidi ni ile iliyozunguka hedhi ya mwisho, yaani hukohuko mliko nyie. Na kukimbia peke yake hakutoshi, mfupa ukishapigwa mara kadhaa kwa namna ileile unazoea, hatua elfu kumi zinazofuata haziuambii kitu kipya, zinauchosha tu. Unachosikia mfupa ni mzigo mzito, mara chache, afu upumzike.

Kipimo changu cha DEXA cha nyonga, kile cha kupima mfupa ulivyoshiba, kilisoma -2.1. Kati ya -1 na -2.5 mfupa umepungua, ikifika -2.5 kwenda chini ndo ugonjwa wenyewe. Basi nikaanza chuma mara mbili kwa wiki, skwati na kunyanyua kutoka chini, miezi mitatu ya kwanza mizigo myepesi ya kujifunza mkao huku kochi ananiangalia, baadaye seti 5 za mara 5, uzito ambao ukimaliza ya tano unajua ya saba usingeiweza. Miaka miwili baadaye kipimo kikasoma -2.0. Daktari akaniambia tofauti hiyo hata mashine inaweza kukosea, la maana hakijashuka. Mi nilishangilia hivyohivyo.

Ratiba nayo niliacha kuihesabu kwa wiki. Sasa ni siku 10, ndani yake mazoezi magumu mawili na mbio ndefu moja, katikati jogi au kulala. Na usingizi ndo unaamua, nikiamka kwa jasho usiku mbili mfululizo ile intervali inageuka jogi, sibishani nayo. Ukibisha utajua tu, mapigo ya moyo asubuhi yako juu kuliko kawaida yako na kasi ya jana ya kawaida leo inakuwa kazi.

Kama joto la usiku linawamaliza nendeni kwa daktari muulize habari ya homoni za kutibu, zinapunguza jasho na zinalinda mfupa pia, ila si kila mtu anafaa, aliyewahi kupata kansa ya matiti kwa mfano kawaida hapewi. Na wale mnaoshindana angalieni, estrojeni haina shida lakini ukiandikiwa testosteroni hiyo imekatazwa michezoni, uliza kabla hujaitumia. Ukishapitisha ile miezi 12 afu ukaona damu tena, hata tone, usiseme hedhi imerudi, nenda ukapimwe.

Yule mmoja wenu aliyekuwa anashika kinena Jumapili, we unajijua. Usijipime kwa kurukaruka mguu mmoja, ufa wa hapo unaweza kukatika kabisa. Acha kukimbia leo, na wakikupiga eksirei wakasema safi, omba MRI.