Yah: Injini iliyokufa ndani ya waranti na mimi nikaitwa muongo

Kwa meneja wa huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Naandika kwa heshima ingawa imebaki kidogo. Injini yenu ya dizeli ya silinda moja, hosipawa 22, niliyofunga kwenye mashine ya kukamua mawese hapa Kigoma, nilinunua Februari ikafa Julai. Waranti ni miezi 12, kadi ina muhuri, masharti yenu mnayajua.

Nimesafirisha chuma cha kilo karibu 200 mpaka karakana yenu Dar, fundi wenu hakulegeza hata nati moja, akasema mbele ya wateja "nyie wa mikoani mnaendesha bila oili halafu mnakuja kulilia waranti". Watu wakacheka. Akaniandikia karatasi ya kukataa, nikarudi na mzigo wangu.

Sasa msiseme nimeharibu waranti kwa kufungua, nimefungua baada ya hiyo karatasi. Fundi wangu wa Mwandiga alipotoa oili ilikuwa ujazo wake kamili, ila inameremeta vumbi la chuma. Juu kwenye roka pakavu kabisa, beringi ya konrodi imeungua imegandia kwenye krenki. Tukashusha kile kichujio cha kunyonyea oili, tukakuta kimezibwa na silikoni iliyokauka, ileile mnayopaka kiwandani kuunganishia vifuniko, na huko chini sikuwahi kugusa. Yaani oili imejaa chini lakini pampu haivuti, juu chuma kinasagana na chuma. Angekosa oili mtu mzembe, chini pia pangekuwa patupu, hilo hata mwanafunzi wa veta analijua.

Halafu Mei niliwapigia, kile kitufe chekundu cha oili kilikuwa kinapanda nusu tu, dada akaniambia "endelea nayo, ni baridi ya asubuhi". Baridi gani Kigoma?

Na narudia la karakana maana ndilo linaniuma. Nilichomoa kijiti cha oili nikamuonyesha huyo fundi, ipo mpaka alama ya juu, akakichukua akakifuta na tambara, akanirudishia mkononi akasema "hii umejazia stendi". Mimi mtu mzima nimesimama na kijiti kisafi kama kijiko, watu wanacheka.

Nilitaka mnitengenezee tu. Sasa hapana, nataka injini mpya, na nauli ya mzigo kwenda na kurudi, na huyo kijana aniombe radhi kwa maandishi. Chikichi za watu zimeniozea hapa, hiyo nayo tutaihesabu. Kichujio na silikoni yake nimevifungia kwenye mfuko, picha na video zipo. Nawapa siku 14, zikipita sitaki tena injini yenu, nataka hela yangu yote na faili linaenda Tume ya Ushindani.

Mteja wenu,
Mkamua mawese, Mwandiga