Ananisalimia, kisha anasema "basi tu"

Shikamoo Anti,

Mimi ni mtoa dawa kwenye duka la dawa muhimu hapa Morogoro, na simu ya duka ninashika mimi. Naomba unisaidie jambo moja. Watu wananiandikia WhatsApp "Habari dada", halafu kabla sijajibu inafuata nyingine: "Basi tu", au "Usijali", na vijana wao "Potezea". Hakuna kilichoulizwa. Wengine hata hiyo salamu wanaifuta.

Najua wengi wao hawana neno. Kashapata dawa duka la jirani, au alitaka bei ya panadol akaona aibu kusumbua usiku. Wanaoninyima raha ni wale wachache ambao kwao saa zinakwenda.

Juzi juzi msichana mmoja aliandika Jumamosi usiku. Salamu, kisha "basi usijali dada". Tajiri wangu alipoona akasema amesema basi, ni basi, usimfuatefuate mtu. Mimi Jumapili asubuhi nikamwandikia: "Salama. Nipo hadi saa tatu usiku, kesho pia nipo. Ukitaka kuuliza kitu andika hata neno moja, sihitaji jina." Kimya. Jumatatu asubuhi likaingia neno lenyewe: "p2". Nikamuuliza lini, akasema Ijumaa usiku. Anti, P2, ile ya dharura ya kuzuia mimba, hutumika ndani ya saa 72 baada ya tendo, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Zake zilikuwa zinaishia Jumatatu hiyo hiyo usiku. Alikuja mchana, akasimama pembeni mpaka wateja wakaisha, na hakutamka kitu, alinigeuzia kioo cha simu tu nisome. Nilimpa, nikamwambia pia kwamba P2 haizuii virusi vya UKIMWI. Kama ana wasiwasi na huyo mwenzake, hospitali kuna dawa za kinga ambazo nazo zinatakiwa zianzwe ndani ya saa hizo hizo 72, na humezwa siku 28. Sisi dukani hatuziuzi, kwa hiyo asingoje.

Baada ya hapo nikarudi kusoma zile "basi tu" za nyuma, nikaona jambo. Nyingi zilikuja mara tu baada ya salamu ya duka, ile inayojituma yenyewe mtu akiandika mara ya kwanza, au akirudi baada ya kimya cha siku 14. Yetu ilikuwa inasema: "Karibu! Tuambie jina lako, mahali ulipo na dawa unayohitaji." Mtu kaanza na salamu ili apime kwanza nani yuko upande wa pili, anaulizwa jina na mtaa kama yuko polisi! Tajiri anaipenda, anasema inaonyesha duka liko makini. Nimembembeleza, sasa inasema: "Karibu, uliza tu, jina si lazima." Zimepungua, hazijaisha.

Sasa kinachonishinda ni hiki. Simu za watu si zao peke yao. Msichana anatumia simu ya mama, mke simu yake inasomwa na mume. Nikijibu, ujumbe unatokea juu ya kioo hata kama simu imefungwa, pamoja na jina la duka. Nikiandika "kama ni dawa ya dharura, wahi, saa zinahesabika", huenda nimemchongea mtu kwa mumewe. Nikiandika "karibu tena", sijamwambia lolote, na ambaye hajui kwamba kuna saa 72 atakaa mpaka zipite. Kupiga nilijaribu mara moja, akapokea mwanaume akauliza wewe nani. Nikasema nimekosea namba. Sipigi tena.

Nimefikiria kuyaweka yale ya saa 72 kwenye status ya duka, aone kila mtu pasipo mimi kumlenga yeyote. Ila status anaiona tu aliyehifadhi namba yetu, na mtu wa "basi tu" mara nyingi ndiyo kwanza kaipata namba. Tena tajiri anahofia wazee wa mtaani watasema tunawafundisha watoto uhuni.

Naomba ushauri wako, Anti, na wasomaji wenye kazi kama yangu. Mtu akishasema basi, nimwandikie mara moja niache, au nirudie kesho yake? Na maneno gani ningeandika ambayo mwenyewe ataelewa kwamba asichelewe, lakini mume au mama akiyasoma kwenye kioo ayaone ni ya kawaida tu? Na nikihisi aliyeandika ni mtoto, kwa jinsi anavyoandika, ni sawa kumpa namba 116, ile ya simu kwa mtoto, hata kabla hajasema shida yake? Au ndiyo nitakuwa nimemtisha asiandike tena?

Mtoa dawa,
Morogoro