Apu ya wachumba haihitaji kujua umezaliwa lini

Mhariri,

Nafuatilia huu mjadala wa apu za wachumba kukagua umri na naona watu wamegawanyika, kuna wanaotaka kila mtu atume picha ya kitambulisho na kuna wanaosema hapo mtu mzima anavuliwa nguo. Mi nimefanya kazi ya kupitia ripoti za akaunti kwenye apu kama hizi, na kwa kweli apu haina haja ya kujua we ni nani, inahitaji jibu moja tu, umefika 18 au bado.

Kujaza tarehe ya kuzaliwa mwenyewe hakuzuii kitu, dogo akikataliwa anarudi muda huohuo na mwaka mwingine. Kitambulisho kinazuia, ila picha ikishahifadhiwa mahali ni hatari. Oktoba 2025 Discord, apu ya kuchati, walitangaza kwamba picha za vitambulisho vya watu kama 70,000 huenda zimeangukia kwa wadukuzi kupitia kampuni ya nje ya huduma kwa wateja, na zilikuwa za ukaguzi wa umri hizohizo. Sa fikiria ingekuwa apu ya wachumba, na we hukutaka hata ndugu zako wajue unatafuta mtu.

Kuna njia ya hatua mbili. Kwanza unapiga selfi, programu inakadiria umri kwa uso, picha inafutwa palepale. Makadirio yanakosea lakini, vipimo vya 2024 vya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, vilionyesha hata programu nzuri inapishana na umri halisi kwa wastani wa miaka 3 hivi, na kwa nyuso za wanawake makosa yalikuwa makubwa zaidi karibu kila mara. Kwa hiyo mstari ukiwekwa 18 kamili, binti wa miaka 16 anayesomeka 19 anapita. Uweke 25, huyo anasimamishwa hata akisomeka 22, na mtu wa 34 anayesomeka 31 anaingia bila kuonyesha karatasi yoyote.

Anayebaki na usumbufu ni wa miaka 21, na simfichi. Huyo anaonyesha kitambulisho kwa mkaguzi wa nje, sio kwa apu, na mkaguzi anampa tokeni, yaani uthibitisho wa kidijitali uliosainiwa unaosema amevuka 18, basi, hauna jina wala tarehe. Mkaguzi naye asijue hiyo tokeni inapelekwa apu gani.

Tundu linalobaki ni mtoto kuazima uso wa kaka yake. Nishaona akaunti iliyopitishwa na mtu mzima halafu picha zote za profaili ni za mtoto. Tokeni itumike mara moja tu na iishe baada ya dakika chache, na selfi ilinganishwe na picha za profaili ndani ya simu yenyewe kabla haijafutwa, halafu akaunti ikibadilisha picha zote au ikiripotiwa kuwa ni ya mtoto, irudie ukaguzi.

Wanaotunga hizi kanuni, naomba muda wa kufuta picha uandikwe kwa saa, na awepo mtu wa kwenda kukagua seva za huyo mkaguzi bila kumpigia simu kwanza.