Barua ya wazi kwa Afisa wa Afya wa wilaya yetu: njoo uchukue vipimo vyako

Mheshimiwa,

Salaam kwa heshima zote. Nakuandikia hadharani kwa kuwa barua zangu 2 za awali sijui zimelala kwenye droo gani. Mimi ni yule mama wa timu ya afya ya kijiji, huku West Nile, aliyeuliza mkutanoni habari za vipimo vya malaria ukamjibu, "Linashughulikiwa."

Jumanne usiku jirani aliniletea mtoto wa miaka 3, mwili unachoma. Nikamtoboa kidole, nikaweka damu na matone ya maji ya kipimo, nikasubiri dakika 15. Hakuna mstari hata mmoja. Cha pili, vilevile. Cha tatu kikatoa mstari wa C peke yake, ule wa kuhakiki kipimo, yaani hana malaria. Roho ilikataa, nikamwandikia rufaa. Kituoni darubini ikaonyesha vimelea tele.

Msimamizi wangu kasema eti vimelea vya siku hizi vimepoteza jeni ya HRP2, ile protini inayotafutwa na kipimo. Vimelea hivyo vipo kweli, na vinaweza kuuficha mstari wa T, ule unaoonyesha malaria. Lakini C haina habari na vimelea! Pale pamewekwa kitu cha kunasa antibodi zenye chembe za dhahabu, zilizokaushwa ndani ya kipimo, matone yanapozisukuma hadi mwisho. Nilitia matone bila tone la damu, mbele ya msimamizi. C ikatoka. Akanyamaza.

Kwa hiyo C ikikosekana, ama maji hayakupanda ama zile antibodi zimeharibika. Nayo ikitoka, haituambii kama damu ilitosha, wala kama T bado ina nguvu. Joto na unyevu vinaweza kuidhoofisha T huku C ikiendelea kutabasamu.

Mimi nashuku stoo. Katoni imeandikwa zisizidi nyuzi 30, nanyi mmeziweka chini ya mabati kiangazi kizima. Nilinunua kipimajoto kwa pesa yangu (posho yenyewe unajua ilipo), saa 8 mchana kikasoma 38. Vifuko vya kukausha unyevu katika pakiti zile 2 vilikuwa vimeshabadilika rangi. Halafu chupa ya matone, moja kwa vipimo 25, iliisha mapema, tukaambiwa tuazime ya katoni ya aina nyingine, wakati kila aina ina matone yake. Huenda ni hilo, huenda ni yote mawili.

Sikuombi semina. Chukua vipimo vya toleo hili, vipimeni kwa damu ya wagonjwa ambao darubini imeshawathibitisha, mkaone wenyewe. Na mtuletee vingine, na chupa zake. Tuleteeni vingine, Mheshimiwa.

Nimebakiwa na 11. Nimevifunga kwenye mfuko wa plastiki na sitamtoboa mtoto wa mtu kwa ajili yake. Tuma mtu avichukue.

Wako mtiifu, bado,
Mama wa timu ya afya ya kijiji