Ndugu zangu wanasema nimejiandikia nyumba ya marehemu baba

Shikamoo Anti,

Usiku huu usingizi haukuja. Wanasema nimejiandikia nyumba, na wanalisema mbele ya mama, na mama ananyamaza. Mimi ndiye msimamizi wa mirathi. Kikao cha ukoo kilinipendekeza, hakuna aliyeweka pingamizi, na Mahakama ya Mwanzo ikanipa Fomu Na. IV, barua ya uteuzi wa msimamizi. Leo nimekuwa mwizi kwa sababu ya barua ya kwenda kwa Msajili wa Hati.

Kaka zangu wanataka barua iombe jambo moja tu: jina la baba litoke, majina yetu yaingie. Haiwezekani hivyo. Marehemu hawezi kusaini uhamisho, na warithi hawawezi kumsainia. Kifungu cha 67 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura 334, kinataka msimamizi asajiliwe kwanza mahali pa marehemu, ndipo yeye asaini kuwahamishia warithi. Jina langu litaandikwa na maneno "msimamizi wa mirathi ya marehemu", si jina tupu. Hayo maneno ndiyo wasiyotaka kuyasoma. Wanaona jina la dada yao kwenye hati, basi, nyumba imekwenda kwa shemeji.

Rasimu yenyewe hii, uone kama nimeficha kitu:

"YAH: MAOMBI YA KUSAJILIWA MSIMAMIZI WA MIRATHI NA KUHAMISHA MILKI KWA WARITHI, KIWANJA NA. …, KITALU …, HATI NA. …

Mmiliki aliyesajiliwa alifariki tarehe … Niliteuliwa na Mahakama ya Mwanzo … katika shauri la mirathi Na. … Naomba nisajiliwe kwa nafasi hiyo, kisha milki ihamishiwe kwa warithi wanne kwa hisa zifuatazo: mjane 5/40, mtoto wa kiume wa kwanza 14/40, mtoto wa kiume wa pili 14/40, mtoto wa kike 7/40.

Naambatisha: hati miliki halisi; nakala ya Fomu Na. IV iliyothibitishwa na mahakama. Cheti cha kifo. Mgawanyo uliothibitishwa na mahakama. Kiapo cha majina ya marehemu. Risiti ya kodi ya pango la ardhi. Vitambulisho vya taifa na picha za msimamizi na warithi wote. Fomu za maombi na za uhamisho zilizosainiwa."

Mgao umefuata sheria ya Kiislamu. Mama ana thumuni, yaani mafungu 5 kati ya 40. Yanabaki 35, na kila mtoto wa kiume anapata mara mbili ya wa kike. Mimi nina 7. Mwizi gani anajiandikia fungu dogo kuliko la anayemshtaki?

Hizo hisa kaka mkubwa anataka zifutwe, liandikwe "kwa pamoja" basi. Anadhani ndiyo umoja wa familia. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaacha umiliki wa pamoja usio na mafungu kwa mume na mke, labda mahakama iruhusu vingine. Sisi ni mama na watoto, lazima kila mmoja awe na hisa yake. Barua isiyotaja hisa itarudishwa ikatafute mgao, na ikirudi nitaambiwa nachelewesha makusudi.

Kiapo nacho wamekigomea. Hati ina majina mawili ya baba, cheti cha kifo kina matatu, na Fomu Na. IV imefuata cheti. Msajili akifungua daftari anamwona mtu mmoja, karatasi za mahakama zinamtaja mwingine. Kiapo kinasema majina yote ni ya mtu yuleyule na kinataja namba ya hati. Wao wanasema natengeneza karatasi.

Nimewaza kujitoa. Lakini kujitoa ni kurudi mahakamani, ateuliwe mwingine, itoke Fomu Na. IV nyingine, naye pia atasajiliwa kwanza kwa jina lake. Wakati huo pango linaongezeka. Sitaki tena usimamizi huu, Anti, na sitaki kumwachia mtu. Hati halisi iko kwa kaka mkubwa, na bila hiyo hata hatua ya kwanza haianzi.

Ninachokuuliza ni hiki. Nikiandaa hatua zote mbili kwa mkupuo, fomu za uhamisho wa warithi ziwe zimesainiwa kabla jina langu halijaingia, kisha tuzipeleke wote wanne siku moja, hiyo itatosha wanipe hati? Au niiombe mahakama imwamuru aitoe, hata kama mama atasema nimempeleka mwanawe mahakamani?

Ni mimi,
Msimamizi, Morogoro