Ufa wa wima kwenye uzio mrefu si kosa la msingi

Mhariri,

Msomaji wenu aliyelalamikia uzio wa shule uliopasuka hapa Dodoma amemtupia lawama fundi wa msingi. Picha aliyoileta inaonyesha jambo jingine. Nyufa zake zimesimama wima, zinaanzia juu kwenye lenta na kufifia karibu na msingi, na zimeachana kwa umbali unaokaribiana. Msingi ukititia, ufa hupanda kama ngazi ukifuata viungo vya tofali, na mara nyingi msingi wenyewe nao huwa umepasuka. Huo wa kwenye picha ni ukuta uliosinyaa ukiwa umeshikwa.

Tofali la saruji hupungua linapokauka, na milimita 0.4 kwa kila mita ni kiasi cha kawaida. Uzio wa mita 60, basi, unataka kupungua milimita 24. Halafu kuna jua. Alfajiri ya mwezi Julai ukuta unaweza kuwa na nyuzi 15, na mchana ukafika 50. Kwa tofauti hiyo ya nyuzi 35, mita 60 za tofali hutanuka milimita 21 hivi, kisha usiku hurudi. Msingi uko ardhini, joto lake halibadiliki sana, kwa hiyo juu kunavuta na chini kunazuia. Wanaoshauri kuongeza saruji kwenye mchanganyiko hawasaidii, maana saruji nyingi na maji mengi huzidisha kusinyaa.

Kinachotakiwa ni kuacha jointi, yaani pengo linalokata ukuta kutoka juu hadi kwenye msingi, tangu mwanzo. Kwa tofali za saruji, kila mita 6 inafaa, ila ya kwanza iwe mita 3 tu kutoka kwenye kona, kwa kuwa kona inaushika ukuta zaidi. Uzio ulionyooka wa mita 60 utakuwa na jointi ya kwanza mita ya 3, kisha ya 9, ya 15, hadi ya 57. Hizo ni 10. Kila jointi ikae kati ya nguzo mbili pacha, moja kila upande, kwa sababu kipande cha uzio kilichokatwa bila nguzo mwishoni kitasukumwa na upepo.

Ninachokiona kila mara ni hiki: fundi anaacha pengo zuri kwenye tofali, halafu lenta inapitishwa nzima juu yake, nondo na yote, na mpiga plasta anafunika kilichobaki. Hapo hakuna jointi. Lenta, plasta na kofia ya ukuta vyote vikatike kwenye mstari uleule. Msingi peke yake uachwe mzima.

Sasa kuziba. Pengo liwe milimita 12. Kipande cha mita 6 hucheza milimita 2 hivi kwa joto, na silanti nzuri ya poliyurethani, ile gundi ya kuzibia inayovutika, huvumilia robo ya upana wake, yaani milimita 3. Inatosha, mradi sehemu kubwa ya kusinyaa iwe imeshapita. Ndiyo maana ukuta uachwe ukauke miezi kadhaa kabla ya kuzibwa. Safisha vumbi lote, kisha sukuma ndani kamba ya sponji ya milimita 15, ili ijibane yenyewe na kubakiza kina cha milimita 6 cha silanti. Kamba hiyo si ya kupunguza gharama tu. Bila hiyo silanti hushika pande mbili na mgongoni pia, na ukuta ukivuta inachanika. Kazi hii ifanyike asubuhi, kabla jua halijawa kali, kwani mchana pengo huwa limebanwa, na silanti iliyowekwa wakati huo itaishi ikivutwa. Chokaa ya saruji usiiguse humo kabisa.

Uzio wa shule ile umeshajichagulia jointi zake. Kupiga plasta upya ni kupoteza fedha. Ijengwe nguzo kila upande wa ufa, kisha ufa upanuliwe kwa grenda, lenta ikatwe, pazibwe kama nilivyoeleza.

Baraza za madarasa nazo zina ugonjwa uleule. Sakafu ya zege ya milimita 100 ikatwe kila mita 3, kina cha robo ya unene wake, mapema iwezekanavyo mara tu zege linapoweza kubeba msumeno bila kumeguka. Kwenye joto letu, ukingoja hadi kesho yake unaweza kukuta limeshajipasua.

Ninachowaomba wahandisi wa halmashauri ni jointi zichorwe kwenye ramani ya uzio, na kamba na silanti ziwe na mstari wake kwenye mchanganuo wa gharama. Fundi hapewi fedha ya kununua kitu ambacho hakikuandikwa.

Fundi mwashi,
Dodoma