Wanangu mnaoweka akiba ya ada, hesabuni na salio la katikati

Wanangu na wadogo zangu mliozaa juzi juzi,

Nimesikia wengi wenu mmeanza kuweka hela kila mwezi ili mtoto akianza shule mfungue hiyo akaunti muwe mnatoa ada kila muhula. Sawa kabisa. Lakini nikiwauliza itafika muhula wa ngapi, naona mnachukua simu, mnagawa jumla ya akiba kwa ada ya muhula mmoja, basi. Na mimi nilifanya hivohivo kwa mtoto wangu wa kwanza, nikaishia kumpigia shemeji usiku naomba mkopo, kwa hiyo nisikilizeni kidogo.

Tuchukue namba rahisi, ya pesa yoyote mnayotumia. Unaweka 10,000 kila mwisho wa mwezi kwa miaka 4, yaani mara 48, na akaunti inatoa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, inaingizwa kila mwezi, kwa hiyo kila mwezi ni nusu asilimia. Mfukoni mwako zimetoka 480,000, ila siku mtoto anaandikishwa unakuta 540,978. Ada ni 50,000 kwa muhula, mihula 3 kwa mwaka, shule ni miaka 4, jumla mihula 12. Ukigawa tu unapata 10.8, unaanza kulia mihula miwili imekosa hela. Hapana. Hela iliyobaki ndani haijalala, inaendelea kuzaa wakati wewe unatoa.

Sasa kitu cha kwanza, na hapa ndipo watu wanakosea sana, ada ya kwanza inatoka siku ileile ya kuandikisha. Shule haisubiri muhula uishe ndo ulipe. Kwa hiyo unatoa kwanza, halafu kilichobaki ndo kinapata riba ya miezi 4. Unaanza na 540,978, unatoa 50,000, inabaki 490,978, miezi 4 ikipita riba inakuwa 9,893, unafika muhula wa 2 ukiwa na 500,871. Unatoa tena, unasubiri tena. Kwenye simu kila muhula ni mstari huu huu mmoja:

```
(salio - ada) * 1.005^4
```

Ukigeuza, ukaweka riba kwanza ndo utoe ada, hesabu itakuambia mwisho utabaki na 16,134. Ukweli ni kwamba ukishalipa muhula wa 12 unabaki na 2,558. Inafika, lakini kwa kubana pumzi. Nawajua watu waliopanga kununua viatu kwa ile elfu kumi na sita ambayo haijawahi kuwepo.

Angalieni pia ile riba inavyokonda. Muhula wa kwanza imeleta 9,893, ule wa 11 imeleta 1,038 tu, maana kilichobaki kuzaa ni kidogo. Kwa hiyo mwanzoni salio linashuka taratibu mpaka unajiona tajiri, halafu mwishoni linaporomoka karibu ada nzima kila muhula. Msilinganishe mwendo wa mwaka wa 1 na wa mwaka wa 4.

Haya, sasa kilichonipata mimi. Nilifika muhula wa 6, nimelipa nusu ya mihula, nikaangalia salio nikaona zaidi ya nusu ya hela niliyoanza nayo bado ipo, nikasema moyoni mambo safi. Sikuuliza swali lenyewe, kwamba ada zilizobaki ni shilingi ngapi. Na ada ilikuwa imeshapanda, kila mwaka mpya inapanda asilimia 5, mimi nalipa tu huku nanung'unika, kwenye daftari bado nimeandika 50,000.

Rudini kwenye namba zetu muone. Ada ikipanda hivyo, mwaka wa 2 ni 52,500, wa 3 ni 55,125, wa 4 ni 57,881. Ukishalipa muhula wa 6 salio ni 274,547, na nusu ya 540,978 ni kama 270,000, kwa hiyo macho yanakwambia uko vizuri. Lakini ada za mihula 6 iliyobaki zikijumlishwa ni karibu 339,000. Pengo ni kama 64,000, na riba yote itakayoingia kuanzia hapo mpaka mwisho haifiki 18,000. Muhula wa 12 unaenda shule na 11,037 mkononi wakati wanataka 57,881. Yaani hiyo simu ya usiku kwa shemeji ilishaandikwa miaka miwili kabla, mimi tu ndo sikuisoma.

Kwa hiyo kila ukitoa ada, palepale andika vitu viwili: salio lililobaki, na jumla ya ada ambazo bado hujalipa, kwa bei ya kupanda sio ya mwaka jana. Salio kuwa chini kidogo si tatizo, riba inaziba. Kwenye ile hesabu ya ada isiyopanda, baada ya muhula wa 6 salio ni 282,199 na ada zilizobaki ni 300,000, na bado inafika. Tofauti ya elfu kumi na nane inazibika, ya elfu sitini na nne haizibiki ng'o.

Na ukigundua pengo, gundua mapema, maana lilelile pengo lina bei tofauti kutegemea na umeliona lini. Ungejua toka siku ya kwanza ungeweka 10,696 badala ya 10,000, basi, hiyo 696 ingemaliza kazi. Ukijua siku ya kuandikisha, unaendelea kuweka kama 955 kila mwezi huku unatoa ada (hakuna aliyesema ukianza kutoa ndo marufuku kuweka, sijui hii tumeitoa wapi). Ukijua baada ya muhula wa 6 ni kama 1,842 kila mwezi kwa miezi 24. Mimi nilijua muhula wa 12, nikatafuta 46,800 na ushee kwa wiki moja.

Kingine kidogo halafu niwaache. Ulizeni benki yenu riba inahesabiwa kwa salio lipi. Akaunti nyingine zinachukua salio la chini kabisa la mwezi huo. Sasa ukitoa ada tarehe ya mwisho ya mwezi, inahesabika kama ile 50,000 haikuwepo mwezi mzima, umepoteza 250, wakati ungesubiri kesho yake usingepoteza kitu. Mtaniambia baba, 250 ndo nini. Zidisheni kwa mara 12 ni 3,000, na ile chenji yetu ya mwisho, wakati ada haijapanda hata kidogo, ilikuwa 2,558.